Unauza kigari cha mtoto? Kikunje kwanza, ukipime

Kabla ya kupiga picha, kipindue kigari na utafute lebo kwenye fremu. Hapo ndipo kikomo cha uzito kimeandikwa. Changu kilisema kilo 15, nami nilishamwambia mtu "hadi miaka minne"! Umri wa kuanzia unategemea egemeo: kama halilali bapa, andika miezi sita na kuendelea, maana kichanga shingo yake bado haijakaza.

Sasa kikunje, chukua futi, andika urefu, upana na kimo kikiwa kimekunjwa. Mnunuzi wangu wa kwanza alikuja na Vitz, buti likagoma kufunga, akaondoka zake. Taja pia kama loki ya kukunjia inashika.

Breki ijaribu kwenye mteremko ukiwa umeweka mfuko wa unga wa kilo 10; kigari kikiteleza, sema hivyo. Tairi iliyolika ipige picha kwa karibu.

Kilichopotea kitaje kwa jina. Kofia ya jua ikikosekana, punguza bei tu. Mkanda wa kupita katikati ya miguu ukikosekana, usikiuze mpaka upate mwingine, kwa sababu mtoto huteleza chini akanaswa shingo.