Ajenda irudi kila sehemu inapoanza
Ukiwa na wasilisho la PowerPoint la slaidi 40, usionyeshe ajenda mwanzoni tu. Wakifika slaidi ya 15 watu wameshaisahau. Andika mada nne kwenye slaidi ya ajenda, kisha nakili slaidi hiyo kwa Ctrl+D na uiweke kila sehemu mpya inapoanza: mada ya sasa iwe nyeusi iliyokoza, nyingine kijivu. Maneno yasihame mahali pake, ili jicho lione rangi tu ikishuka.

Kwenye kona ya kila slaidi weka alama fupi, mfano "Bajeti 2/4". Mimi sishauri "17/40": PowerPoint haijazi jumla yenyewe, hivyo ukifuta slaidi tatu usiku, ile 40 inabaki vilevile. Alama yenyewe iweke kwenye Slide Master, mpangilio mmoja kwa kila sehemu.