Ripoti mbili, mkengeuko sanifu tofauti: kagua STDEV.S na STDEV.P

Tuchukue ghala la kahawa Mbale. Magunia matano yametolewa kwenye shehena kubwa na kupimwa: kilo 58, 60, 61, 62 na 64. Ripoti ya karani inasema mkengeuko sanifu ni 2.24, ya mkaguzi inasema 2.00. Wastani wao ni uleule, 61, basi usianze kushuku mizani.

Hatua ya 1. Kwenye Excel, bofya seli yenye jibu, usome fomula.

```
=STDEV.S(B2:B6)
=STDEV.P(B2:B6)
```

Ya kwanza, ya karani, ni ya sampuli. Ya pili ni ya kundi zima. Kwenye faili za zamani utakuta `STDEV`, ambayo ni ya sampuli, na `STDEVP`, ya kundi zima.

Hatua ya 2. Piga hesabu kwa mkono. Toa 61 kwenye kila uzito: -3, -1, 0, 1, 3. Vipeo vyake vya pili vinajumlika kuwa 20. Hadi hapa hakuna tofauti. `STDEV.P` inagawa 20 kwa 5, inapata 4, kipeuo chake cha pili ni 2. `STDEV.S` inagawa kwa 4, inapata 5, kipeuo chake cha pili ni 2.24. Inapunguza moja kwa sababu wastani wa 61 umetokana na magunia hayohayo, nayo huukaribia kuliko yanavyoukaribia wastani halisi wa shehena. Ukigawa kwa 5, mtawanyiko wa shehena kwa kawaida utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Hatua ya 3. Kama fomula haionekani, tuseme umetumiwa karatasi tu, gawa jibu kubwa kwa dogo, kisha tafuta kipeo cha pili. Hapa inakuja takriban 1.25, yaani 5/4. Ukipata n/(n-1), n ikiwa idadi ya vipimo, karibu hakika fomula zimechanganywa. Usipopata, linganisha data yenyewe.

Hatua ya 4. Hapa ripoti inazungumzia shehena, si magunia matano. Basi 2.24 ndiyo sahihi, na jina la fomula liandikwe chini ya jedwali.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi natumia Python na sijaandika S wala P popote.*
Chaguo-msingi za maktaba za Python zinatofautiana, ndugu. NumPy hugawa kwa n, pandas kwa n-1. Taja mwenyewe, kwa `ddof`, kinachopunguzwa kwenye n:

```
np.std(x, ddof=1)
```

*Na tukipima magunia yote ya ghala?*
Kama ripoti inaeleza magunia hayo tu, tumia `STDEV.P`. Kama unataka kukadiria ujazaji wa magunia yajayo, hayo uliyopima bado ni sampuli.

*Yangu ni magunia 1,000, na majibu yanapishana kwa asilimia 4.*
Kwa 1,000, fomula hizi hupishana kwa takriban asilimia 0.05 tu. Anza kutafuta safu zilizosahaulika: linganisha `COUNT` za faili zote mbili.