SOMO: Chupa, makopo na maboksi ya vipodozi vyako vipya, ukiwa Kigoma na unauza hadi Tabora

Wadau, hamjambo. Wiki hii nimeulizwa mara sita "dada, wewe chupa unanunua zipi?" Sasa naandika mara moja, anayeuliza nitamwelekeza hapa.

Ninatengeneza vitu viwili tu hapa Ujiji. Cha kwanza ni mafuta ya mwili ya maji, mise, yale mafuta ya kokwa za michikichi, iliyochanganywa na alizeti nyingi, chupa ya mililita 100. Cha pili ni mgando wa nywele, mise na nta ya nyuki ninayoletewa kutoka Tabora, kopo la gramu 50. Nitasema ya hivyo viwili. Pafyumu na sabuni za maji aulizwe mwingine.

1. Anza na kilichomo ndani, chombo kifuate.
Mise tupu huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi. Asubuhi za Juni na Julai Tabora ni za baridi kweli. Ukiitia kwenye chupa yenye tundu dogo, mteja atabonyeza mpaka kifuniko kipasuke na kitu hakitoki. Kinachoganda kinataka kopo la mdomo mpana, linaloingia vidole viwili. Kinachobaki maji ndicho cha chupa.

2. Geuza chombo usome namba ya pembetatu chini.
Namba 1 ni PET, inang'aa kama kioo lakini haipendi moto. Ukimimina mgando wa nyuzi 70 inajikunja. Namba 5 ni PP, ina ukungu kidogo ila inavumilia moto, na makopo yangu ni hayo. Namba 6 iache kabisa kama unatia mafuta ya karafuu au mchaichai, maana itapasuka nyufa ndogondogo.

3. Nunua chupa na kifuniko vya vipimo vinavyooana.
Shingo huandikwa hivi: 24/410 au 24/415. Hiyo 24 ni upana wa shingo kwa milimita, namba ya pili ni aina ya uzi na urefu wake. Kifuniko cha 415 kikivaa shingo ya 410 kinagota mabega ya chupa kabla hakijabana mdomo. Kwa macho kimefunga, ila ndani kuna nafasi. Muulize muuzaji, na kama hajui unachomuuliza, chukua sampuli mbili ujaribu mwenyewe. Pitisha pia ukucha juu ya mdomo wa chupa. Ukikwama kwenye kamstari cha plastiki, hapo mafuta yatapita.

4. JARIBIO LA KUVUJA. Hapa ndipo nilipoumia, soma taratibu.
Oda yangu ya kwanza ya Tabora ilikuwa chupa 144. Nilizipima kabla ya kusafirisha. Nilijaza maji, nikafunga, nikalaza usiku kucha, hakuna tone. Nikajaza mafuta, nikapakia basi. Mteja akanitumia picha ya katoni imelowa mpaka chini.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni kupima kwa maji. Maji hujikusanya matone juu ya plastiki na hayapendi kuingia penye upenyo mwembamba. Mafuta hutambaa. Yanafuata uzi wa shingo duara kwa duara mpaka yatokee nje. Chupa inayozuia maji haijathibitisha chochote kuhusu mafuta.

La pili lilikuwa ukarimu. Chupa ya 100 ikijazwa mpaka mdomoni huingia kama 108. Mimi nilijaza karibu 106 ili ionekane imeshiba. Mafuta yakitoka nyuzi 25 kwenda 50, na ndani ya buti la basi mchana si ajabu kufika huko, mililita 100 huongezeka karibu 2. Zile mililita 2 za hewa nilizoacha zikabanwa mpaka karibu ziishe, presha ikapanda, mafuta yakasukumwa nje. Chupa iliyojazwa 100 kamili ina nafasi ya 8, ongezeko hilo hailioni.

Sasa ninafanya hivi. Nachukua chupa 12 za mzigo mpya, najaza mafuta yenyewe mililita 100, nafunga. Kesho yake nakaza tena, kwa sababu washa ya ndani ya kifuniko hulala kidogo ikishabanwa. Kisha nazilaza juu ya tishu nyeupe ndani ya beseni lililofunikwa, juani, siku tatu. Usiku nazisimamisha kichwa chini. Tishu ndiyo shahidi. Mzani wa jikoni unaosoma gramu moja hauoni tone, tishu inaliona. Mwisho nazifunga kwenye katoni, naipa bodaboda izunguke nayo njia ya vumbi, halafu napima tena ukazaji kwa mkono, maana mtikisiko hulegeza vifuniko.

Chupa moja kati ya 12 ikichafua tishu, mzigo wote naurudisha. Wengine wataniona mkali. Wao wanunue.

5. Piga hesabu ya gharama kwa kuvuja, usiishie kwenye bei ya chupa.
Chupa ile iliyoniumiza ilikuwa 420, kifuniko bila washa. Ninayotumia sasa ni 560, ina washa na kizibo kidogo cha ndani chenye tundu. Tofauti ni 140, kwa chupa 144 ni shilingi 20,160. Siku ile zilivuja 11 na zikachafua boksi na lebo za nyingine 29. Kumi na moja kwa bei ya jumla ya 4,500 ni 49,500. Boksi la 350 na lebo ya 120 kwa chupa 40 ni 18,800. Jumla 68,300, sijahesabu nauli ya kutuma nyingine. Nilibana ishirini, nikamwaga sitini na nane.

6. Mvuto wa rafuni.
Chupa ya duara yenye kipenyo cha milimita 45 ina mzunguko wa kama 141, lakini mteja akiwa amesimama anasoma milimita 45 hivi za mbele. Jina refu linapotelea pembeni. Chupa bapa inakupa uso mzima. Mimi nilihamia bapa, na mwenye duka Soko la Mwanga akazisogeza mbele bila kuombwa, kwa kuwa hazibingiriki.

Rangi ni mvutano. Chupa angavu inaonyesha mafuta yalivyo mazuri, lakini duka lenye jua la mchana dirishani huyageuza harufu. Ya kahawia inalinda ila inafanana na dawa ya kikohozi. Nimechagua angavu ndani ya boksi, na boksi lina dirisha dogo ubavuni.

7. Boksi. Pima chupa ikiwa na lebo, ongeza milimita 2. Isicheze, isibane.

8. Usajili wa vipodozi tangu 2019 uko TBS. Nendeni huko kabla ya kuchapa lebo 1,000.

MASWALI

Mama Kibirizi: Asante dada. Chupa za maji ya kunywa zilizotumika nikizichemsha si zitafaa? Ni bure.

*Jibu:* Hapana. Umesoma namba 2? PET ukiichemsha inajikunja. Na ile harufu ya juisi ya jana haitoki.

Mkaliua: bei ya chupa sh ngapi

*Jibu:* Namba 5.

Mkaliua: na unanunua duka gani

*Jibu:* Mkuu, muuzaji wangu amebadilisha kiwanda mara mbili mwaka huu kwa jina lilelile la duka. Ndiyo maana nimeandika jaribio na sikuandika duka.

Binti Isevya: Shikamoo dada. Niko Tabora, natengeneza mafuta ya mgando hapa. Nikipokea chupa zilizojazwa Kigoma, zikifunguliwa huwa zinatoa sauti ya "psss" kidogo hata zisipokuwa na joto. Ni kuvuja au ni nini?

*Jibu:* Marahaba mdogo wangu, hili ni swali. Kigoma tuko kando ya ziwa, kama mita 770 hadi 800 juu ya bahari. Tabora mko kama 1,200. Huko hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo hewa niliyoifungia huku inataka kutanuka kwa kama asilimia 5. Hiyo ndiyo psss yako. Peke yake haina madhara, maana yake kifuniko kimebana vizuri. Ikichanganyika na joto na chupa iliyojazwa mpaka mdomoni, ndipo hadithi yangu ya namba 4. Wewe ukituma huku kwetu itakuwa kinyume, chupa laini zinaweza kubonyea kidogo ubavuni. Acha nafasi ileile.

Binti Isevya: Na mgando nimimine ukiwa wa moto kiasi gani kwenye PP? Wangu unaingia shimo katikati ukipoa.

*Jibu:* Shimo halitokani na kopo. Ukimimina wa moto sana, pembeni hutangulia kuganda na katikati husinyaa. Mimi nasubiri uanze kuwa na utando pembeni mwa sufuria, nakoroga, ndipo namimina. Usifunike mpaka upoe kabisa, la sivyo jasho la mvuke linadondokea juu. Nta yenu mnaichuja kwa kitu gani?

Binti Isevya: Kitambaa cha kanga mara mbili, ya kwanza na maji ya moto.

*Jibu:* Ndiyo maana yako ni safi kuliko ninayoletewa. Tutaongea.

Fundi Lebo: Dada umesahau lebo. Karatasi ya kawaida ikiguswa na mafuta inakuwa na madoa. Chapa kwenye stika ya plastiki, na futa chupa kwa spiriti kabla ya kubandika, hata chupa mpya ina ute wa kiwandani.

*Jibu:* Kweli kabisa kaka, sikuligusa. Spiriti, halafu bandika kabla ya kujaza, si baada.

Ruchugi: Mbona unawatisha watu? Mimi natumia vifuniko visivyo na washa mwaka wa pili, hakuna aliyelalamika.

*Jibu:* Unauzia wapi?

Ruchugi: Hapahapa Kigoma mjini, napeleka mwenyewe kwa mkono.

*Jibu:* Basi chupa zako zinasafiri zimesimama. Laza 12 kwenye tishu siku tatu, halafu njoo na picha.

Mkaliua: tishu ya aina gani

*Jibu:* Nyeupe.

Ruchugi: Nimelaza sita tangu juzi. Mbili zina duara la mafuta. Hizo washa zinauzwa peke yake?

*Jibu:* Zipo, za povu, zinakatwa kwa kipenyo. Pima ndani ya kifuniko, ukiondoa uzi. Ikiwa ndogo itaelea, ikiwa kubwa itajikunja na kuvuja zaidi. Nunua 20 kwanza ujaribu, na zile chupa mbili usizimwage, zitumie kwenye jaribio lilelile ili uone kama washa ndiyo dawa au mdomo wa chupa una ule mstari.