Namba ngapi za mfuatano zinatosha kufikia jumla? Usikimbilie kufuta jibu la pili

Tuchukue mfuatano wa kiarithmetiki 20, 18, 16, 14… Tukijumlisha kuanzia mwanzo, tunahitaji namba ngapi ili jumla iwe 108?

Kwanza andika unachokijua. Namba ya kwanza, a, ni 20. Tofauti, d, ni −2, na hiyo alama ya kutoa ndiyo inayosahaulika zaidi. Jumla, S, ni 108. Kinachotafutwa ni n.

Pili, ingiza kwenye kanuni:

```
S = n/2 [2a + (n − 1)d]
108 = n/2 [40 − 2(n − 1)]
108 = n(21 − n)
```

Ile 2 ya chini igawe ndani ya mabano mapema, kama nilivyofanya hapo, usije ukaburuta sehemu hadi mwisho.

Tatu, hamishia vyote upande mmoja na utafute vigawo:

```
n² − 21n + 108 = 0
(n − 9)(n − 12) = 0
```

Basi n ni 9 au 12. Hapa wengi hufuta moja kwa mazoea tu. Usifute! Namba ya 10 ni 2, ya 11 ni 0, ya 12 ni −2. Zikijumlishwa hizo tatu ni sifuri, kwa hiyo jumla iliyokuwa 108 kwenye namba ya 9 inarudi palepale kwenye namba ya 12. Majibu yote mawili ni sahihi, isipokuwa swali liseme namba zote ziwe chanya. Hapo inabaki 9.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nimefanya 5, 8, 11… jumla 98, nikapata 7 na −28/3. Nayo niandike yote mawili?*

Hapana. n ni idadi, lazima iwe namba nzima chanya. Jibu ni 7. Mfuatano unaoanza na chanya na kuongezeka haurudi nyuma, ndiyo maana haukupa jibu la pili.

*Kwenye mfano wako, jumla ikiwa 111 je?*

Haifikiwi. Chini ya kipeuo utapata 441 − 444, yaani −3. Jumla kubwa kabisa ya mfuatano ule ni 110, kwenye namba ya 10, na ya 11 haiongezi kitu kwa kuwa ni 0.

*Na wakiuliza ni namba ngapi ili jumla ipite 100? Nimepata 7.3 nikakadiria 7.*

Kukadiria kwa kawaida kumekuponza. Namba 7 zinatoa 7 × 14 = 98, bado hujafika. Namba 8 zinatoa 104. Kwa hiyo ni 8. Hata ungepata 7.01, bado ungepanda hadi 8. Ila angalia: ukiendelea hadi namba ya 14, jumla inashuka tena kuwa 98.