Kikundi Kinanunua Kiwanja kwa Awamu: Namna ya Kuandaa Kikumbusho cha Mchango na Ripoti ya Mwezi

Mimi ni mweka hazina, na kwa muda mrefu ripoti yangu ya mwezi ilikuwa sentensi moja: "Hadi leo tumechanga kiasi hiki, tuendelee hivyo hivyo." Wanachama walipiga makofi na kikao kikaendelea. Hakuna aliyejua kama fedha ya awamu ijayo itatosha, na mimi pia sikujua. Kikundi cha kuweka akiba tu kinaweza kuchelewa mwezi mzima kisiumie. Kinachonunua kiwanja kina muuzaji anayesubiri, na tarehe yake imeandikwa kwenye mkataba. Kwa hiyo ripoti ina swali moja la kujibu: siku hiyo ikifika, fedha itakuwepo?

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kiasi nimekiandika bila jina la fedha. Weka ya kwenu. Wanachama ni 12. Kiwanja ni 3,600,000, na gharama za kando (upimaji, wakili, uhamisho wa umiliki, makato ya benki) tumezitengea 360,000. Jumla ni 3,960,000, sawa na 330,000 kwa kila mtu, yaani 30,000 kwa mwezi kwa miezi 11. Muuzaji analipwa 1,200,000 mara tatu: mwisho wa mwezi wa 4, wa 8 na wa 11. Mchango unapokelewa hadi tarehe 5. Sasa tuko mwezi wa 5, na awamu ya kwanza imeshalipwa.

Hatua ya 1: Andika kila fedha iliyoingia, mstari kwa mstari

Fungua faili ya Excel au Google Sheets yenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uite `Michango`. Safu A ni tarehe, B namba ya mwanachama, C kiasi, D namba ya muamala, E ni neno NDIYO pale tu unapokuwa umeiona fedha hiyo kwenye taarifa ya benki. Picha ya risiti iliyotumwa kwa simu haitoshi kuandika NDIYO. Si kwamba watu ni waongo. Muamala unaweza kukwama, au mtu akakosea tarakimu moja ya akaunti bila kujua.

Mtu akilipa mara mbili kwa mwezi, iwe mistari miwili. Usijumlishe kichwani, kwa sababu siku ya ubishi utahitaji kuuonyesha kila muamala peke yake.

Hatua ya 2: Tenganisha waliochelewa na waliotangulia

Ukurasa wa pili uite `Wanachama`: A namba, B jina, C ahadi ya mwezi (30000). Kwenye kisanduku H1 andika idadi ya miezi ambayo tarehe ya mwisho ya mchango wake imeshapita. Kwetu ni 5. Kisha kwenye D2, E2 na F2 weka fomula hizi na uziburute hadi mwanachama wa mwisho:

```
=SUMIFS(Michango!C:C,Michango!B:B,A2,Michango!E:E,"NDIYO")
=MAX(0,C2*$H$1-D2)
=MAX(0,D2-C2*$H$1)
```

Ya kwanza ni jumla aliyolipa, ya pili ni malimbikizo, ya tatu ni fedha aliyotanguliza. Kompyuta ikikataa, jaribu kuweka nukta mkato mahali pa mkato. Inategemea mipangilio yake.

Mbona safu mbili, wakati tofauti ni moja tu? Hapa ndipo nilipodanganyika miezi kadhaa. Kwenye mfano wetu, kufikia mwezi wa 5 zilitakiwa 1,800,000 na zilizothibitishwa kwa majina ni 1,665,000. Ukitoa, pengo ni 135,000, na linaonekana dogo. Lakini namba 05 amelipa 60,000 za mwezi wa 6 na wa 7 mapema. Deni la kweli ni 195,000: namba 03 anadaiwa 90,000, namba 07 anadaiwa 60,000, na namba 11 anadaiwa 45,000. Ukarimu wa mmoja umefunika sehemu ya deni la watatu, na mwezi wa 6 na wa 7 namba 05 hataleta kitu, jambo ambalo ni haki yake.

Jambo jingine la kukubaliana mapema: anayedaiwa akilipa, fedha inaziba mwezi wa zamani kwanza. Bila kanuni hiyo mtu atasema "hii ni ya mwezi huu", na mwezi wa 3 utabaki wazi hadi mwisho.

Hatua ya 3: Linganisha na benki kabla ya kumwandikia mtu yeyote

Hesabu salio kwa mkono: yaliyoingia 1,665,000, toa 1,200,000 ya muuzaji, toa 5,000 za makato ya benki ya miezi mitano. Inabaki 460,000. Taarifa ya benki inasema 490,000. Kuna 30,000 ambayo haina mwenyewe.

Karibu kila mara ni mwanachama aliyelipa kwa simu ya mke, kaka au jirani. Mwaka mmoja niliona pengo la namna hii, nikasema nitalishughulikia baadaye, nikatuma vikumbusho. Mmoja wa waliodaiwa, mzee mtulivu sana, alinijibu kwa kunitumia risiti peke yake, bila neno hata moja. Alikuwa amelipa kwa simu ya bintiye wiki moja nyuma. Niliomba radhi, lakini tangu hapo alikuwa akiuliza mara mbili kila nilichoandika, na sikuwa na la kumlaumu.

Kwa hiyo fedha isiyo na jina ipewe mstari wake, na safu B iandikwe `HAIJULIKANI`. Uliza kwenye kikundi: "Kuna 30,000 iliyoingia tarehe 3, namba ya muamala inaishia na tarakimu hizi. Ni ya nani?" Subiri siku moja. Kwenye mfano wetu ni ya namba 11. Deni lake linashuka hadi 15,000, malimbikizo yote yanakuwa 165,000, jumla iliyochangwa inakuwa 1,695,000, na salio la daftari linalingana na la benki: 490,000.

Hatua ya 4: Tuma vikumbusho viwili, kila kimoja mahali pake

Cha kwanza kinakwenda kwa wote tarehe 1, nacho hakimtaji mtu:

> Ndugu wanachama, habari za leo. Mchango wa mwezi wa 5 ni 30,000, unapokelewa hadi tarehe 5. Ukilipa kwa simu isiyo yako, tafadhali niandikie namba ya muamala. Ambaye ameshatanguliza, ujumbe huu haumhusu.

Sentensi ya mwisho usiiache. Aliyelipa mapema akikumbushwa kila mwezi kama mdaiwa, mwakani hatatanguliza.

Cha pili ni cha faragha, baada ya kufunga hesabu kwa hatua ya 3, na kinakwenda kwa anayedaiwa tu. Kiwe na kiasi, miezi na swali linalojibika:

> Shikamoo mzee. Kwenye daftari naona mchango wako umefika hadi mwezi wa 3, kwa hiyo miezi ya 4 na 5 bado, jumla 60,000. Kama umelipa na sijaona, nitumie namba ya muamala nikague. Kama bado, ni tarehe gani nikuandikie kwenye ripoti: utalipa zote kwa pamoja au nusu nusu?

Linganisha na "Tafadhali kamilisha michango yako", ambayo inajibiwa "sawa" na mambo yanaishia hapo. Ukiomba tarehe, hata asiye na fedha atakuambia hali yake, na hali yake ndiyo unayoihitaji kwa hatua inayofuata. Aliye kimya baada ya jumbe mbili, mpigie. Kwa namba 03, mwenye miezi mitatu, mimi ningepiga simu moja kwa moja.

Je, majina ya wadaiwa yabandikwe kwenye kikundi? Vikundi vingine hufanya hivyo. Nimeona likileta fedha mwezi wa kwanza, kisha mtu akajitoa na kudai arudishiwe michango yake, ambayo imeshakwenda kwa muuzaji. Kwenye ripoti naandika idadi ya wadaiwa na jumla ya deni, na daftari lenyewe liko wazi kwa mwanachama yeyote atakayetaka kulisoma kikaoni. (Namba badala ya majina ni pazia la adabu tu, watu 12 wanajuana.)

Hatua ya 5: Piga hesabu ya awamu ijayo

Acha asilimia. "Tumefikia asilimia 43 ya lengo" haimsaidii mtu kuamua lolote. Anza na salio, 490,000. Miezi ya 6 hadi 8 inatakiwa kuleta 1,080,000, toa 60,000 ambazo namba 05 ameshalipa, zinabaki 1,020,000. Jumla 1,510,000. Toa 80,000 za mpimaji, atakayelipwa mwezi wa 7, na 3,000 za benki. Tutakuwa na 1,427,000, na muuzaji anataka 1,200,000. Tunapita kwa 227,000, bila kuhesabu deni la zamani.

Sasa hesabu ubaya. Namba 03 na 07 wasipolipa kabisa miezi hiyo mitatu, zinapungua 180,000, na tunapita kwa 47,000. Akisimama na wa tatu, zinapungua 90,000 nyingine, na tumepungukiwa 43,000. Hilo ndilo la kupeleka kikaoni: tunastahimili watu wawili kusimama, si watatu. Mara nyingi gharama ya mpimaji ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa haiendi kwa muuzaji.

Hatua ya 6: Andika ripoti, ukurasa mmoja

> Hadi tarehe 8, mwezi wa 5. Iliyochangwa: 1,695,000 kati ya 1,800,000. Malimbikizo: 165,000, wanachama 3. Iliyotangulizwa: 60,000. Amelipwa muuzaji: 1,200,000, bado 2,400,000. Makato ya benki: 5,000. Salio benki: 490,000.
>
> Awamu ya pili (mwisho wa mwezi wa 8): wote wakilipa tutapita kwa 227,000. Wanachama 3 wakisimama tutapungukiwa 43,000.
>
> Kiwanja: mkataba umesainiwa, risiti ya muuzaji ya awamu ya kwanza iko kwa katibu, nakala kwa kila mwanachama. Upimaji mwezi wa 7. Hati bado iko kwa jina la muuzaji.
>
> Uamuzi unaotakiwa: tuzungumze na muuzaji sasa kuhusu siku za nyongeza, au tusubiri kikao cha mwezi wa 6?

Aya ya kiwanja usiiruke hata kama haina jipya. Andika "hakuna mabadiliko". Fedha inatoka kila awamu, na wanachama wana haki ya kujua karatasi imefika wapi. Kabla ya kutuma, mpe katibu aisome akiwa na taarifa ya benki mkononi, naye aandike jina lake chini ya lako.