Somo: Kumwandikia Bibi salamu za bethdei kwenye akaunti ya familia

Bibi yetu wa Magomeni ametimiza miaka 80, na mimi ndiye ninayeshika akaunti ya familia Instagramu. Mara ya kwanza niliandika: "Hongera bibi yetu kipenzi, nguzo ya familia, Mungu akupe maisha marefu." Binamu yangu akauliza, "Huyu ni bibi yetu au bibi wa jirani?" Nikafuta.

Hatua ya 1: Piga simu kwanza. Mtafute mtoto wake mmoja, mjukuu mmoja na jirani wa zamani. Usiulize "Bibi ni mtu wa namna gani?" Utapewa maneno ya msibani. Uliza, "Alikugombeza lini mara ya mwisho, na kwa nini?" Hapo watu hucheka, na ukweli hutoka.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja tu. Wote watatu walinitajia pindo la kanga. Nikaandika:

"Fundo la kanga ya Bibi lilikuwa benki yetu ya kwanza. Ukitumwa dukani, analifungua kwa meno, anahesabu sarafu mara mbili, halafu anakwambia: 'Chenji irudi, na wewe urudi.' Leo ametimiza 80. Bibi, chenji tunarudisha. Sisi wenyewe ndio tunaochelewa."

Fundo limekaa mwanzoni kwa makusudi. Instagramu huonyesha maneno machache tu, mengine hufichwa mpaka mtu abonyeze. Ukianza na "Leo ni siku ya pekee sana", wengi wataishia hapo.

Hatua ya 3: Msomee mwenyewe kabla ya kuweka. Nilikuwa nimeongeza kwamba alianza kukaanga vitumbua Babu alipokosa kazi. Akanyamaza, kisha akasema, "Hilo la babu yako liache ndani." Nikalitoa. Tarehe kamili ya kuzaliwa pamoja na majina yake matatu usiweke pia. Matapeli wa simu huanzia hapo. Umri unatosha.

Maswali ya wanachama

*Bibi yetu hajui tarehe yake, kitambulisho ni cha kukadiria. Tufanyeje?*
Chagueni siku mnayoweza kukutana wote, mwandike "leo tunamsherehekea Bibi". Msiandike "siku kama ya leo alizaliwa". Wazee wenzake watawaumbua.

*Wajomba wamenuna, hawakutajwa.*
Ukianza kutaja majina, hiyo si salamu tena, ni orodha ya mchango wa harusi. Watagi kwenye picha, maandishi yabaki ya Bibi.

*Tuandike Kiswahili au lugha ya kwao?*
Maneno yake yaache kama alivyoyasema. Kama anagombeza kwa Kizaramo, weka Kizaramo, tafsiri ifuate chini kwa ajili ya wajukuu.

*Picha ipi?*
Ya akiwa anafanya kitu. Yetu ni mikono yake tu na lile fundo. Ila muombe ruhusa, na akisema "ngoja nibadilishe kanga", ngoja.