Ng’ang’a akigeuka Ngâ€™angâ€™a, usisahihishe kwa mkono

Jana orodha ya wanachama ilinifikia kwa CSV, nikaifungua, nikakuta Ng’ang’a amekuwa Ngâ€™angâ€™a na Mũthoni amekuwa MÅ©thoni. Dawa ni kutobofya faili mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data > From Text/CSV, chagua faili, kisha kwenye File Origin weka `65001: Unicode (UTF-8)`. Tazama majina pale kwenye onyesho kabla ya kubonyeza Load. Yakisomeka sawa, endelea.

Sababu ni kwamba UTF-8 huiandika ritifaa iliyopinda (’) kwa baiti tatu, na ũ kwa mbili. Ukibofya faili mara mbili, mara nyingi Excel huisoma kwa mfumo wa zamani wa Windows ambao kila baiti kwake ni herufi nzima, ndiyo maana alama moja inazaa takataka tatu. Ritifaa iliyonyooka (') ina baiti moja tu, kwa hiyo Nyong'o aliyeandikwa hivyo hapati shida.

Ikiwa kwenye onyesho unaona �, huenda faili si UTF-8, jaribu `1252: Western European (Windows)`. Lakini ukikuta M?thoni, alama ya kuuliza kabisa, herufi ilishapotea wakati wa kuhifadhi na hakuna mpangilio utakaoirudisha. Omba faili la awali, na mwambie aliyelituma ahifadhi kwa `CSV UTF-8 (Comma delimited)`. Majina ya watu hayakisiwi.